Leo nani amekuita jina lako?

Nilishuka Ubungo saa tatu usiku, mwezi wa kumi mwaka 2017, nikiwa na begi moja na mfuko wa dagaa wa Nyasa ambao mama aliufunga kwa kamba ya katani. Basi lilikuwa limetoka Songea alfajiri. Nilikuwa nimepata kazi ya kutunza stoo kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, na njia nzima, kuanzia baridi ya Njombe mpaka tulipopita katikati ya Mikumi, nilikuwa napanga moyoni nitakavyoishi: nitatuma nini nyumbani, nitanunua nini kwanza, nitajiandikisha kozi gani ya jioni. Kitu ambacho sikukipanga kabisa ni Jumapili jioni.

Chumba nilikipata Tabata Kimanga, kwenye nyumba ya wapangaji saba. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, dalali naye akachukua ya mwezi mmoja. Nilipomaliza kununua godoro, ndoo mbili na jiko dogo la gesi, nilibaki na nauli na hela ya kula mpaka mshahara wa kwanza. Naanza na hela kwa sababu upweke wa mgeni wa mji mara nyingi unaanzia hapo. Wenzangu kazini wakisema tupitie mahali tunywe soda, mimi nasema nina haraka. Wakichangishana sherehe ya mtu, naangalia pembeni. Baada ya wiki tatu hawakuniita tena, na hawakuwa na ubaya wowote. Walidhani ndivyo nilivyo.

Jambo la pili ni saa. Nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi daladala, nashuka Buguruni, napanda nyingine. Kurudi, kwa foleni ile, nafika saa mbili usiku. Wapangaji wenzangu nao hivyo hivyo, kila mmoja na ratiba yake. Niliishi mwezi mzima na mama mmoja tukitenganishwa na ukuta wa tofali moja, namsikia akikohoa usiku, sura yake siijui. Sisemi kwamba watu wa nyumbani Songea ni wema kuliko watu wa Dar, naomba nieleweke. Tofauti ni kwamba kule kuna saa ambayo wote mko nje na mnaonana, na Dar saa hiyo mtu yuko kwenye daladala amesimama kwa mguu mmoja.

Kazini niliitwa dada wa stoo. Konda aliniita dada sogea nyuma. Nyumbani palikuwa na karatasi imebandikwa ukutani karibu na mita ya umeme, ya kuonyesha nani amechangia luku, na pale niliandikwa "chumba na. 4". Nilipita mbele ya ile karatasi kila siku bila kuhisi chochote, mpaka siku moja nikasimama nikaisoma, nikagundua kwamba tangu nifike mji huu sijasikia jina langu likitoka kinywani mwa mtu aliye mbele yangu. Nilikuwa nalisikia kwenye simu tu.

Na simu ilikuwa inalia. Ndugu na marafiki walinijali, walinitumia maneno. Nilikuwa na meseji nyingi za kunitia moyo na zote nilizijibu "Asante." Jikaze. Utazoea. Mjini ndivyo kulivyo. Mshukuru Mungu una kazi, wenzako wanaitafuta. Nimekuja kufikiria sana baadaye kwa nini maneno yale, yaliyosemwa kwa upendo kabisa, yaliniacha pale pale. "Utazoea" inafunga mazungumzo: ukishaambiwa utazoea, hakuna cha kujibu isipokuwa sawa. "Jikaze" inakuambia kwamba tatizo ni ulegevu wako. Ile ya kushukuru kazi ndiyo iliyoniuma kuliko zote, maana nilikuwa nashukuru kweli, na bado nalala nikilia, kwa hiyo nikaanza kujiona mtu asiye na shukrani. Upweke ukaongezewa aibu. Na mtu mwenye aibu haongei, anaandika "niko salama".

Rafiki yangu mmoja aliniambia nitoke nikatembee, niende Coco Beach nikapunge upepo. Nilienda Jumapili moja. Familia zimekaa kwenye mikeka, watoto wanakimbizana na maji, wachumba wanalishana mihogo. Nilinunua mhogo wa kukaanga na kachumbari, nikala nimesimama kwa sababu niliona aibu kukaa peke yangu. Nilirudi nimepungukiwa nauli na moyo mzito kuliko nilivyokwenda. Namwambia yeyote anayemtumia mgeni ushauri: usimpeleke penye watu wengi ambao tayari wana wenzao. Pale anahesabu tu asichonacho.

Aliyenitoa ni shangazi yangu. Yeye alikuwa mwalimu, amestaafu sasa, na alipangiwa kazi Liwale akiwa na miaka 22 bila kumjua hata mtu mmoja kule. Hakuwa mtu wa meseji ndefu. Jumapili moja, saa kumi na mbili jioni, saa ile ambayo mwanga wa dirishani unakuwa wa rangi ya chungwa na redio za majirani zinasikika kwa mbali, simu ikaita mlio mmoja. Nikasoma:

"Leo nani amekuita jina lako?"

Nilikaa kitandani nikaitazama. Nikajibu ukweli: "Hakuna, shangazi."

Akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. Nilitegemea pole. Akasema, "Basi tuna kazi ya kufanya, mama. Karibu na hapo unapolala, nani anauza nyanya?"

Nikamwambia lipo genge kwenye kona, mita kama hamsini kutoka getini, ila mimi nanunua vitu Buguruni nikishuka, bei nafuu.

"Acha Buguruni. Wiki hii nunua kwenye kona. Kila siku, saa ile ile, hata kama ni fungu moja la nyanya. Usinunue za siku tatu. Na usiende kwingine hata kama amekupunja kidogo."

Nikauliza niongee naye nini. Akasema, "Usiongee kitu. Msalimie, nunua, ondoka. Siku saba, halafu unipigie Jumapili. Katikati usinipigie."

Hilo la kutompigia lilinishangaza, maana nilikuwa napiga nyumbani kila usiku mpaka bando linaisha. Alinieleza baadaye. Ukimaliza maneno yako yote kwenye simu na watu wa Songea, unatoka nje ukiwa huna neno hata moja la kumpa mtu wa Tabata. Unaishi Songea huku mwili uko Dar. Hakunikataza nyumbani, alinipangia siku mbili, Jumatano na Jumapili, na tangu siku ya kwanza nilianza kuwa na kitu cha kusimulia badala ya kulalamika.

Nilifanya kama alivyosema. Siku ya kwanza mama wa genge hakuniangalia, alikuwa anahesabu chenji ya mtu mwingine. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilipofika mkono wake ulikwenda kwenye mfuko mdogo kabla sijasema, akauliza, "Fungu moja?" Nikasema ndiyo mama. Siku ya nne akaniongezea nyanya moja juu. Siku ya tano ghala lilipokea mzigo, nikachelewa mpaka saa nne, genge limefungwa. Siku ya sita nikapita saa yangu. Akaniangalia usoni, safari hii vizuri, akasema:

"Jana hukupita."

Nilimweleza habari za mzigo kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida. Nilipofika chumbani nilikaa chini na zile nyanya mapajani. Kulikuwa na mtu katika mji huu wote ambaye jana yake, saa mbili usiku, aliona pengo mahali ambapo ningekuwepo. Dar es Salaam ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye sensa ya 2022, na mimi nilihitaji mmoja tu atambue kwamba sikuonekana.

Jumapili nilimpigia shangazi. Akauliza kama yule mama amejua jina langu. Nikasema bado. "Basi wiki hii mpe. Usimsubiri aulize. Mwambie, mama, mimi naitwa fulani, nakaa nyumba ya geti la bluu." Nikampa. Naye tangu hapo hakuniita tena dada.

Nimeieleza kwa kirefu habari ya genge kwa sababu watu huniambia, "Kumbe ni jambo dogo hivyo." Ni dogo, lakini lina masharti, na ukiyavunja halifanyi kazi. Lazima awe mtu yule yule, mahali pale pale, saa ile ile. Ukinunua leo hapa kesho pale, unabaki mteja. Lazima liwe jambo ambalo ungelifanya tu, lisilokuongezea gharama, maana mgeni hana hela. Na lazima awe mtu anayejua wengine. Mama wa genge, fundi cherehani wa barazani, muuza kahawa wa kijiweni, mama lishe, hawa ndio wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa na nani amehama. Duka kubwa lenye kiyoyozi halitakusaidia hapa, anayekuhudumia leo kesho amebadilishwa zamu.

Mwezi wa kwanza mwaka 2018, Jumamosi, yule mama alinigongea geti saa moja asubuhi. Mzee wa nyumba ya tatu amefariki usiku. Akasema, "Chukua kanga na kisu, twende."

Nilitaka kusema kwamba simjui marehemu, sijui hata mlango wake. Sikusema. Nilichukua kanga na kisu. Turubai lilikuwa linafungwa uani, wanaume wanapanga viti vya plastiki, mzee mmoja ameshika daftari la rambirambi. Niliandikisha 2,000, ndiyo niliyokuwa nayo, na hakuna aliyeangalia mara mbili. Nikakaa kwenye mkeka na wanawake, nikapewa sinia la mchele nichambue, kisha beseni la vitunguu. Pembeni yangu alikuwapo mama mwenye kikohozi. Nilikitambua kile kikohozi kabla hajageuka. Akaniuliza, "Wewe wa nyumba ipi?" Nikamwambia geti la bluu, chumba cha nne. Akaacha kisu. "Kumbe ndiyo wewe? Mimi si niko cha tano! Unaitwa nani?"

Mpaka jioni, wakati wa kuosha masufuria, nilikuwa nimeulizwa jina mara nyingi na kuulizwa kwetu wapi, na mama mmoja akaniambia mdogo wake ameolewa Peramiho. Nawaambia wageni wote: msiba wa mtaani usikupite. Hauhitaji mwaliko, hauhitaji hela nyingi, na hakuna anayekuuliza umekuja kwa nani. Unahitaji mikono tu. Harusi huwezi kuingia bila kadi, lakini penye msiba mtaa unakupokea kabla haujakujua.

Mwaka juzi kazini kwetu aliletwa kijana kutoka Sumbawanga, miaka 23, amepanga Mbagala. Nilimtambua wiki ya pili kwa namna alivyokuwa anachelewa kuondoka. Kazi imekwisha, yeye bado anafuta meza. Nikachukua namba yake, na Jumapili ya kwanza nikamwandikia kwa roho safi kabisa: "Usijali mdogo wangu, wengi tumepitia, utazoea." Akajibu, "Sawa dada." Jumapili iliyofuata nikaandika kingine cha namna hiyo. "Sawa dada." Ya tatu hakujibu. Nilipoketi kuzisoma upya nikaona nilikuwa nimemtumia yale yale niliyotumiwa mimi. Na hii ndiyo alama ninayoiangalia siku hizi: mtu akikujibu "sawa" mara mbili, maneno yako hayajamfikia, badilisha.

Nikaanza upya. Jumapili saa kumi na mbili jioni nikaandika: "Leo umekula nini, na ulikula wapi?" Akajibu chipsi, chumbani. Nikaandika: "Muuza chipsi anaitwa nani?" Hajui. "Kesho nenda kwa huyo huyo. Ule pale pale kwenye benchi, usifungashe." Jumatano nikamwandikia nilichokuwa nakijua kutoka kwangu, bila kupamba: "Mimi mwezi wa pili nilikuwa nafuta meza stoo mara mbili ili nisirudi chumbani. Haikuwa uvivu wala kukosa shukrani. Nilikuwa sina wa kunisubiri." Hapo ndipo alipoandika meseji ndefu ya kwanza, usiku wa saa tano. Sikumpa ushauri usiku ule. Nilimwandikia, "Nimeisoma yote. Kesho saa saba tule pamoja, mimi nanunua."

Ukitaka kumwandikia wako aliye mbali, yaangalie hayo. Uliza kitu ambacho jibu lake lina jina la mtu au la mahali, si "hali yako". Tuma saa ambayo upweke unakaza, na kwa anayefanya kazi mara nyingi ni Jumapili jioni na siku ya mshahara usiku, sio Jumatatu asubuhi akiwa kwenye foleni. Mwambie jambo moja dogo la kesho. Na umwahidi kile tu utakachotimiza. Mimi ningeandika "niko nawe daima" ningekuwa nimemdanganya. "Jumatano nitapiga saa mbili" ni kweli, maana nilipiga.

Kuna kipindi maneno hayakutosha, na nalisema wazi kwa sababu lingeweza kwenda vibaya. Mwezi wa tatu wake, masika imeanza, alikuja kazini siku nne na shati moja. Alikuwa amepungua. Nikamuuliza analala saa ngapi, akasema anaona alfajiri inafika. Nikauliza tangu lini, akahesabu wiki tatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, hata nisingekuwepo hapa hakuna kingebadilika." Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili na zaidi, ameacha kuoga, na anazungumza hivyo, huo si ugeni wa mji tena, na sitaki mtu amtumie meseji ya kumtia moyo akadhani amemaliza. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Akalia, akasema mawazo yanakuja. Sikumwacha peke yake siku ile. Tuliomba ruhusa, tukaenda Hospitali ya Temeke, tukaeleza mapokezi kwamba ni usingizi na mawazo, tukaonana na daktari. Aliye upande mwingine wa mji anaweza kuanzia Amana au Mwananyamala, na Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Alitibiwa, akarudi kliniki kwa tarehe alizopewa, na nyumbani kwao Sumbawanga wakajulishwa kwa ridhaa yake. Genge na benchi la chipsi vilikuwa na kazi yao, lakini baada ya hapo.

Bado namwandikia Jumapili. Jumapili iliyopita niliandika saa kumi na mbili, kama kawaida: "Leo nani amekuita jina lako?" Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Nilikuwa nimeshika simu nataka kupiga. Jibu lilikuja saa nne kasoro.

"Shikamoo dada, samahani. Nilikuwa banda la mpira na jamaa wa mtaani, simu niliiacha chumbani inachaji."